Kutoka Kiongozi cha Mwalimu hadi Daftari la Mwanafunzi: Kupanga Upya Somo la Kutoa kwa Kukopa

Kiongozi cha mwalimu ni kitabu kinachoandamana na kitabu cha kiada ili kumwonyesha mwalimu hatua za kufundisha kila mada, zana zinazofaa na maswali ya kupima uelewa. Nchini Tanzania kitabu cha namna hiyo hutayarishwa kwa kufuata muhtasari wa somo, na kwa sababu hiyo humlenga mwanafunzi wa kukadiriwa, yaani yule anayedhaniwa kuwa amekwisha kuumudu kila umahiri uliotangulia. Mwanafunzi huyo hayupo katika kila dawati. Tathmini za Uwezo, zilizofanyika majumbani nchini Kenya, Tanzania na Uganda katika miaka ya 2010 kwa maswali ya kiwango cha Darasa la Pili, zilikuta mara kwa mara watoto wa madarasa ya juu ambao hawakuweza kuyajibu maswali hayo. Mwalimu anayefuata kiongozi neno kwa neno mbele ya watoto wa aina hiyo anaweza kukamilisha hatua zote za somo bila mtoto hata mmoja kujifunza lile lililokusudiwa.

Mwongozo huu unachukua somo moja la Hisabati la Darasa la Tatu, yaani kutoa namba za tarakimu tatu kwa kukopa, na kulifuatilia kuanzia ukurasa wa kiongozi hadi swali la mwisho la kipindi. Kukopa hapa ni ile hatua ya kuvunja kumi moja kuwa mamoja kumi, au mia moja kuwa makumi kumi, pale tarakimu ya juu inapokuwa ndogo kuliko ile inayotolewa. Somo hili limechaguliwa kwa sababu makosa yake husomeka wazi daftarini, tena mwalimu mwenye chaki na njiti za ufagio anaweza kulipanga upya bila kusubiri kifaa chochote kutoka nje ya shule.

Kusoma kiongozi kwa kurudi nyuma

Hatua ya kwanza ni kulichukua swali la mwisho ambalo kiongozi kinatarajia mwanafunzi alijibu, kisha kuorodhesha kila jambo ambalo ni lazima alijue kabla hajaligusa. Tuseme swali hilo ni 503 − 268. Ili kulijibu, mwanafunzi anatakiwa kujua kwamba 5 katika namba ya kwanza ni mamia matano na kwamba sifuri inaonyesha makumi yasiyokuwapo; anatakiwa kupanga tarakimu katika safu za mamoja, makumi na mamia; anatakiwa kupata haraka jibu la 13 − 8 bila kuhesabu upya kutoka moja; anatakiwa kuweza kutoa pasipo kukopa; na anatakiwa kuelewa kwamba namba inapovunjwa thamani yake haipungui. Juu ya hayo yote, swali lina ugumu wa pekee, kwa kuwa safu ya makumi haina cha kukopwa, na hivyo mia moja lazima ivunjwe kwanza kuwa makumi kumi, kisha kumi moja kati ya hayo livunjwe kuwa mamoja.

Orodha hiyo kwa kawaida haimo ndani ya kiongozi, au imo katika sentensi moja ya utangulizi inayomwelekeza mwalimu awakumbushe wanafunzi somo lililopita. Maneno hayo yanaficha mengi, kwa maana kukumbusha kunafaa kwa mtu aliyewahi kujua. Mwalimu anapoiandika orodha kwa mkono wake huanza kuona ni wapi darasa lake linaweza kuwa limekwama, lakini haifai aamue kwa kukisia tu, kwa sababu kukisia humfanya aegemee watoto wachache wanaonyoosha mikono.

Maswali sita ya siku moja kabla

Kipimo cha uchunguzi ni zoezi fupi ambalo lengo lake si kutoa alama bali kuonyesha mwanafunzi anaishia wapi. Kwa somo hili maswali sita yanatosha, na dakika kumi au kumi na tano za mwisho wa kipindi kilichotangulia zinatosha kuyafanya. Swali la kwanza mwalimu hulitamka, naye mwanafunzi huandika kwa tarakimu: mia tatu na nne. Yanayofuata huandikwa ubaoni kwa mlalo, kusudi mwanafunzi azipange safu mwenyewe: 13 − 8, 87 − 5, 68 − 24, 52 − 38, na mwisho lile la kiongozi, 503 − 268. Katika madarasa ambamo watoto watatu au wanne hukaa dawati moja, ni vema pawe na seti mbili zenye ugumu uleule, kwa mfano 64 − 47 mahali pa 52 − 38, ili wanaokaa pamoja wasinakiliane.

Kila swali limechaguliwa ili kosa lake liseme jambo moja. Anayeandika 3004 badala ya 304 anaandika namba jinsi anavyoisikia, na bado hajashika thamani ya nafasi, yaani kwamba tarakimu hupata ukubwa wake kutokana na mahali inapokaa. Anayepata 37 katika 87 − 5 ameiweka 5 chini ya 8. Anayepata 6 katika 13 − 8 huenda anahesabu kwa kurudi nyuma huku akiihesabu 13 yenyewe kuwa hatua ya kwanza. Swali lenye faida kubwa kuliko yote ni 52 − 38. Jibu sahihi ni 14. Mwanafunzi anayepata 26 ametoa tarakimu ndogo kutoka kubwa katika kila safu bila kujali ipi iko juu, na anayepata 24 amekopa vizuri lakini amesahau kwamba makumi yamebaki manne. Hao wawili wote hupigiwa mkasi uleule mwekundu, ilhali mahitaji yao yako mbali sana: wa pili anahitaji dakika chache za kuonyeshwa alichoacha, ila wa kwanza hajatambua kabisa kwamba kuna kitu cha kuvunjwa.

Namba za kipimo hazifai kuokotwa ovyo. Katika 71 − 46, kwa mfano, anayegeuza tarakimu hupata 35, na anayesahau kupunguza makumi naye hupata 35, hivyo jibu halimwambii mwalimu lolote kuhusu njia iliyotumika. Hali hiyo hutokea kila mara tofauti ya tarakimu mbili za mamoja inapokuwa 5, na kwa hiyo mtunzi wa swali la uchunguzi anapaswa kuikwepa. Uchunguzi wa makosa ya aina hii una historia ndefu. Mnamo 1978 watafiti wa Marekani John Seely Brown na Richard Burton walionyesha kwamba makosa mengi ya watoto katika kutoa hayatokani na uzembe, bali mtoto hufuata kwa uaminifu kanuni isiyo sahihi aliyojijengea. Anayeelewa hivyo hatamwambia mtoto awe makini zaidi, kwa sababu mtoto tayari yuko makini katika kufuata kanuni yake.

Baada ya kukusanya madaftari, mwalimu hayapangi kwa alama. Anayapanga katika mafungu kwa aina ya kosa katika swali la tano, na kutenga fungu la pekee kwa walioshindwa maswali yaliyotangulia. Tuchukulie darasa la mfano lenye wanafunzi 70. Fungu la kwanza lina 18 waliopata 14, la pili lina 31 walioandika 26 au jibu lingine la kugeuza, la tatu lina 9 walioandika 24, na la nne lina 12 ambao hata 68 − 24 au kuandika 304 kuliwashinda. Katika swali la kiongozi waliofaulu ni 4 tu, na wengi wamepata 365, ambalo ni kosa lilelile la kugeuza: 8 kutoa 3, 6 kutoa 0, 5 kutoa 2. Pale ambapo kosa halieleweki, mwalimu humwita mtoto mmoja au wawili wa fungu hilo na kuwaomba waoneshe walivyofanya, huku akisikiliza bila kusahihisha.

Nini kibadilishwe na nini kiachwe

Mafungu hayo yanamweleza mwalimu kwamba mlango wa somo uko chini ya pale kiongozi kilipouweka, ingawa si mbali sana. Wanafunzi 58 kati ya 70 wanaweza kutoa bila kukopa na wanazipanga safu ipasavyo, kwa hiyo hakuna sababu ya kurudi hadi Darasa la Kwanza. Kinachokosekana kwa fungu kubwa ni wazo la kuvunja kumi, na wazo hilo hilo ndilo moyo wa somo la kiongozi. Jambo hili ndilo msingi wa marekebisho yote: wazo la somo libaki, ukubwa wa namba upungue, na njia ya kulifikia wazo irefushwe. Mwalimu anayefanya kinyume chake, yaani anayebakiza namba kubwa na kuwapa watoto utaratibu wa kukariri ili wafike haraka, atapata majibu sahihi kwa siku mbili, kisha utaratibu utachanganyika vichwani punde sifuri itakapojitokeza.

Kwa hiyo lengo mahususi, yaani kile mwanafunzi atakachoweza kufanya kipindi kitakapokwisha, huandikwa upya katika andalio la somo: mwanafunzi aweze kutoa namba za tarakimu mbili kwa kuvunja kumi moja kuwa mamoja kumi, na kueleza kwa maneno yake kilichotokea kwa makumi. Sehemu ya pili ya lengo haifai kuachwa, kwani ndiyo inayomtenganisha anayeelewa na anayeiga. Umahiri unaotajwa na muhtasari haubadilishwi hata neno moja, maana andalio hili ni ngazi ya kuufikia.

Zana hupatikana darasani humo humo. Kila mwanafunzi huagizwa siku iliyotangulia alete njiti kumi, za ufagio wa chelewa au za mabua, zilizofungwa pamoja kwa uzi au kamba ya mgomba. Kazi ya kuhesabu na kufunga tayari ni sehemu ya somo, kwa kuwa mtoto aliyefunga kumi kwa mkono wake anajua ndani mna nini. Katika makundi kumi ya watoto saba hivi, kila kundi huwa na mabunda yapatayo saba, ambayo yanatosha kwa namba 52 itakayoundwa kwa njiti siku hiyo, ilimradi bunda moja lifunguliwe mapema ili kupata njiti za mamoja. Makundi hayo yachanganye mafungu yote, isipokuwa wale 12 wa fungu la nne, ambao ni bora wawe katika makundi mawili yaliyo karibu na ubao, wapewe namba zao na kufikiwa na mwalimu kwanza kila anapozunguka.

Dakika arobaini

Kipindi cha dakika 40 hakitoshi kwa mambo mengi, na kosa la kawaida katika kurekebisha somo ni kuongeza mapya bila kuondoa ya zamani. Katika utangulizi wa dakika tano, makundi yanaunda 52 kwa njiti, yaani mabunda matano na njiti mbili, na mwalimu anahakiki kwa macho. Kisha analeta tatizo lenyewe bila kutaja utaratibu wowote: kundi litoe njiti 38 na kuzikabidhi kwake. Watoto watatoa mabunda matatu kwa urahisi, halafu watakwama kwa sababu njiti za pembeni ni mbili tu na zinatakiwa nane. Kukwama huko ndiko kiini cha kipindi, na mwalimu asikuondoe kwa kuwahi kueleza. Dakika mbili za ukimya au za ubishi ndani ya kundi humwandaa mtoto kuliko maelezo ya dakika kumi, na karibu kila darasa litakuwa na kundi litakalofungua bunda bila kuambiwa. Kundi hilo ndilo linaloitwa mbele kuonyesha. Sehemu hii hupewa dakika 12.

Katika dakika kumi zinazofuata, kazi ileile hurudiwa huku kila tendo likiandikwa ubaoni papo hapo. Bunda linapofunguliwa, 5 katika safu ya makumi hukatwa na kuandikwa 4, na 2 katika safu ya mamoja huwa 12. Mkono na chaki vinakwenda pamoja. Hapa ndipo masomo mengi yenye zana huharibika, maana njiti hutumika mwanzoni kama mchezo, zikawekwa kando, na maandishi yakaanza upya kana kwamba ni mada nyingine. Dalili ya tatizo hilo ni mtoto anayepata 14 kwa njiti lakini anaandika 26 daftarini bila kushangaa kwamba majibu mawili hayalingani. Mwalimu anayeiona dalili hiyo amwombe mtoto ayaweke majibu yote mawili mezani kwa njiti na kuamua lipi linaweza kuwa kweli, na jambo la kuzingatia ni kwamba mtoto mwenyewe ndiye aamue.

Zoezi la dakika nane lina maswali manne: 41 − 17, 63 − 28, 85 − 32 na 70 − 34. La tatu halihitaji kukopa, na limewekwa kwa makusudi katikati ya yale yanayohitaji, kwa kuwa mwanafunzi anayevunja kumi hata pale isipohitajika anafuata desturi ya siku badala ya kuitazama namba. La nne linamwandaa mtoto kukutana na sifuri mapema. Waliopata 14 katika kipimo wasiachwe wasubiri wala wasifanywe wasahihishaji wa wenzao kwa kipindi kizima. Wao wanapewa 152 − 38, kisha 352 − 138, ambayo yanatumia uvunjaji uleule wa kumi moja ndani ya namba kubwa zaidi, na hivyo kuwasogeza kuelekea ukurasa wa kiongozi. Makundi mawili ya fungu la nne huunda namba za tarakimu mbili, huzitamka, huziandika na kutoa bila kukopa. Kwao huo ndio ushindi halali wa siku hiyo.

Dakika tano za mwisho ni za swali la kutokea, yaani maswali mawili ambayo kila mtoto hujibu peke yake bila njiti: 73 − 46 na 90 − 57. Katika la kwanza, jibu sahihi ni 27, anayegeuza hupata 33, na anayesahau kupunguza makumi hupata 37. Katika la pili majibu hayo ni 33, 47 na 43. Kwa kuwa kila njia ina jibu lake, mwalimu anaweza kuyapitia madaftari 70 kwa muda mfupi akitafuta namba hizo tu.

Kurudi kwenye ukurasa wa kiongozi

Somo lililoshushwa lisipopandishwa tena huwa hasara kwa watoto, kwa sababu mtihani na madarasa yanayofuata hayatashuka pamoja nao. Kipimo cha busara ni kwamba, iwapo watatu kati ya kila wanne wamejibu sahihi angalau swali moja na kosa la kugeuza limepungua waziwazi, darasa lisonge mbele. Katika kipindi cha pili watoto wafanye 352 − 138, ambapo kumi linavunjwa, kisha 325 − 162, ambapo mia ndiyo inayovunjwa, na mwisho 432 − 256, ambapo vyote viwili vinavunjwa. Bunda la mia hutengenezwa kwa kufunga mabunda kumi pamoja, na yanatosha machache ya kuonyeshwa mbele ya darasa.

Kipindi cha tatu ndicho kinachoingia katika 503 − 268. Mia moja inafunguliwa na kuwa makumi kumi, yakabaki mamia manne. Kumi moja linafunguliwa na kuwa mamoja kumi, yakabaki makumi tisa na kupatikana mamoja 13. Kutoka hapo jibu la 235 hufuata bila taabu. Kosa la kutazamiwa ni 265, la mtoto anayekopa moja kwa moja kutoka mamia kupeleka mamoja na kuiruka sifuri, kisha akageuza 0 − 6 kuwa 6. Mtoto huyo arudishwe kwenye mabunda, kwa maana hakuna njia ya kufungua mia ikatoa njiti kumi tu.

Marekebisho haya yana mpaka. Mwanafunzi wa fungu la nne hatafikishwa 503 − 268 kwa vipindi vitatu, na mwalimu asijilaumu kwa hilo wala asilisimamishe darasa zima kwa ajili yake. Anachohitaji ni muda wa pekee, nusu saa kwa siku kwa wiki kadhaa, akiwa na watoto wa kiwango chake bila kujali wanasoma darasa gani. Utaratibu huo wa kuwapanga watoto kwa kiwango kwa sehemu ya siku ulikuzwa na shirika la Pratham, lililoanzishwa Mumbai mwaka 1995, na baadaye ukatumika pia Zambia na nchi nyingine za Afrika. Shule inaweza kuufanya kwa makubaliano ya walimu wa Darasa la Tatu na la Nne pekee, bila zana nyingine zaidi ya njiti zilezile.

Linabaki suala la kumbukumbu, ambalo huwatia hofu walimu wengi wanaodhani kwamba mdhibiti ubora wa shule atawakuta nje ya azimio la kazi, yaani mpango wa mada kwa wiki na muhula. Vipindi viwili vilivyoongezwa viandikwe katika azimio siku hiyohiyo na mwalimu wa taaluma ajulishwe, nayo sehemu ya maoni katika andalio ijazwe kwa takwimu badala ya sentensi iliyozoeleka kwamba somo limeeleweka. Maoni yenye manufaa husema, kwa mfano, kwamba wanafunzi 31 waligeuza tarakimu kabla ya somo na 8 baada yake, kwamba 12 hawajamudu thamani ya nafasi, na kwamba 503 − 268 itafundishwa katika kipindi cha tatu. Mwalimu ayahifadhi madaftari ya kipimo hadi mwisho wa muhula, kwa sababu hayo ndiyo ushahidi wake wa kwa nini ukurasa wa kiongozi haukufundishwa siku iliyopangwa.